Wito na kiitikio katika salamu za Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu anaumwa, lakini akiulizwa "Hujambo?" anaitika "Sijambo". Je, amesema uongo?

Hapana, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. "Hujambo" limejengwa kwa kiambishi cha kukanusha cha nafsi ya pili na nomino "jambo", kwa hiyo anayeuliza anataka kujua kama hakuna jambo lililokupata, la kuwazuia msiendelee kuzungumza. Anayeitika "Sijambo" hatoi ripoti ya afya yake. Anamwambia mwenzake kwamba amemsikia, amempokea, na mazungumzo yanaweza kuanza. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala kitandani huitika "Sijambo" kwanza, kisha mgeni akivuta kiti na kuuliza jinsi alivyoamka, ndipo hueleza homa ilivyomsumbua usiku kucha.

Neno hilohilo likitoka kwenye nafasi ya salamu hurudi kuwa taarifa kamili. Ukiuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" ukaambiwa "Hajambo", umepewa habari kwamba amepata nafuu, ukiambiwa "Hajambo kidogo", unaelewa kwamba nafuu ipo lakini bado hajasimama. Msikilizaji hutambua lipi ni lipi kwa kuangalia neno limekaa wapi: likija mara tu baada ya wito wa salamu ni kiitikio, na likija baada ya swali linalomhusu mtu fulani ni jibu.

Kwa nini kila wito una kiitikio chake, wala haviazimani?

Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia, alieleza mwaka 1923 kwamba yapo maneno ambayo watu huyasema ili kufungamana tu, wala si kupashana habari, na salamu aliziweka humo. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1973, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks walionyesha jambo lililo karibu zaidi na swali hili: kwamba mazungumzo yana maneno yanayokwenda kwa jozi, na mtu akishatamka sehemu ya kwanza, sehemu ya pili inakuwa deni kwa mwenzake. Deni hilo likilipwa, hakuna anayeligundua. Lisipolipwa, hata kimya kinageuka kuwa usemi, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua nini kilipaswa kusikika pale.

Mzungumzaji wa Kiswahili analijua hili tangu utotoni bila kufundishwa kwa maneno hayo. Msimulizi akisema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka asikie "Pakawa!", na mwenye kitendawili hategi mpaka aambiwe "Tega". Mlangoni ni hivyohivyo: "Hodi" huitikiwa kwa "Karibu", na anayebisha hodi mara tatu pasipo kuitikiwa hugeuka akaenda zake, ingawa mlango uko wazi na amesikia sauti za watu ndani. Kiitikio hapo kina kazi ya ruhusa, na "Naam" au "Nani?" haviwezi kuishika nafasi yake. Anayeulizwa "Nani?" bado yuko nje.

Faida ya kuwa na kiitikio kilichokwisha kupangwa ni kwamba masikio hayana kazi ya kutafuta maana, hivyo yanabaki huru kusikia mengine yote: sauti imetoka haraka au kwa uzito, mtu ametua kidogo kabla ya kuitika, amebadilisha neno moja au ameongeza moja. Katika sentensi mpya kabisa mambo hayo yangepita bila kuonekana.

"Marahaba" maana yake nini, na kwa nini si kila mtu anaweza kuitika hivyo?

Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako "marhaba" ni neno la makaribisho na hutumika pia kuanzisha salamu. Kiswahili kimelichukua kikaliweka upande wa pili, upande wa anayepokea, na halijatoka hapo: mtu hawezi kufungua salamu ya Kiswahili kwa "Marahaba" akaeleweka. Wito wake, "Shikamoo", kwa maelezo yanayokubalika zaidi, umetokana na maneno ya kushika miguu, yaani mdogo anajishusha mbele ya mkubwa. Wakisalimiwa wakubwa wengi kwa pamoja, wito huwa "Shikamooni".

Kwa hiyo jozi hii haiko sawa pande zote mbili kama ilivyo "Hujambo" na "Sijambo". Anayetamka "Shikamoo" anajitaja kuwa mdogo, na anayeitika "Marahaba" anakubali kuwa mkubwa, pengine kwa umri, pengine kwa nafasi yake katika ukoo, na shuleni kwa kazi yake, kwa maana wanafunzi humwamkia mwalimu wa miaka ishirini na minne kama wanavyomwamkia wa miaka hamsini. Kuitika "Marahaba" ni kuchukua kiti ulichovutiwa. Ndiyo sababu mtu aliyeamkiwa kimakosa na mkubwa wake hushtuka na kukataa: "Hapana, mimi ndiye mdogo, shikamoo." Akikaa kimya na kuitika, amejipa ukubwa usio wake, na waliopo watalikumbuka hilo.

Matumizi yake hayafanani kila mahali. Tanzania Bara, Zanzibar na pwani ya Kenya, shikamoo ni sehemu ya siku ya kawaida. Sehemu nyingi za bara ya Kenya watu huridhika na "Habari" hata kwa mzee. Wako pia wanaoikataa kwa sababu wanaihusisha na unyenyekevu wa mtumwa kwa bwana wake. Asiyeitumia kwa sababu ya alikokulia au kwa msimamo wake hajakosa adabu kwa hilo peke yake, ila anapokaa na wanaoitumia ni vizuri ajue wataisikiaje "Habari" yake.

Nilimsalimia mzee, "Habari yako?" naye akaniitika, "Marahaba." Je, hakunisikia vizuri?

Alikusikia vizuri sana. Hiki ndicho kiitikio kisicho sahihi ambacho naona kinastahili kuelezwa kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha mfumo mzima kwa neno moja.

Nilikipata mwenyewe nikiwa na miaka kama kumi na mitatu. Niliingia katika sebule ya jirani kupeleka ujumbe, nikakuta wazee wanne wamekaa. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikasema, "Habari zenu?" Watatu walinyamaza. Wa nne, aliyekuwa karibu na dirisha, akanitazama kwa upole na kusema taratibu, "Marahaba, mwanangu." Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Nilisimama nikiwa na ule ujumbe mdomoni, masikio yananiwaka, kisha nikasema, "Shikamooni." Wote wanne wakaitika kwa pamoja, "Marahaba! Hujambo?" na mmoja wao akanisogezea kigoda.

Hebu tuifuate hatua kwa hatua. Wito wangu ulikuwa "Habari zenu", na kiitikio chake ni "Nzuri" au "Salama". Mzee angeitika "Nzuri", angekuwa amekubali kwamba mimi na yeye ni wa kiwango kimoja, au angalau kwamba hakuna haja ya kutaja tofauti yetu. Angesema, "Mbona hutuamkii?" angekuwa amenikemea mbele ya watu, na mimi ningelazimika kuomba radhi. Badala ya yote mawili akalipa deni la wito ambao sikuutamka. Kiitikio kikasimama peke yake bila wito wake, na kwa kuwa jozi haikubali kubaki nusu, kila aliyekuwepo alisikia neno lililokosekana, nami nikalisikia kuliko wote. Alinirekebisha bila kunitaja kosa, na akaniachia nafasi ya kulitamka neno lile kana kwamba nilitaka kulisema tangu mwanzo.

Wale watatu walionyamaza walikuwa wanasema jambo hilohilo kwa njia nyingine. Kimya chao, hata hivyo, kilikuwa kizito zaidi, maana hakikunionyesha pa kutokea.

Utajuaje kwamba ni marekebisho na si kwamba mzee ameteleza tu kwa mazoea? Angalia kinachofuata. Aliyeteleza huongeza mara moja "Nzuri, nzuri" au huendelea na mazungumzo. Anayerekebisha hutulia baada ya neno lake na kukupa muda. Ukiona amekutazama na kusubiri, wito bado uko kwako.

Nimeamkia, mzee akaitika "Marahaba" na kuishia hapo. Kuna ubaya?

Inategemea hali, lakini kuna kitu kimepungua. Mazoea ni kwamba mkubwa akishapokea shikamoo hurudisha yake kwa mdogo: "Marahaba, hujambo?" na mdogo huitika, "Sijambo." Jozi ya kwanza imeweka ukubwa na udogo, na jozi ya pili inamwonyesha mdogo kwamba naye ameonekana. Darasani mwendo ni huohuo: wanafunzi husimama na kusema "Shikamoo, mwalimu", naye huitika, "Marahaba, hamjambo?" nao humalizia kwa "Hatujambo".

Mkubwa anayepita njiani kwa haraka anaweza kuishia kwenye "Marahaba", na hakuna anayemhesabia. Lakini katika sebule, au kwenye simu, ambako nafasi ipo, kuikata salamu katikati kunasikika kama ubaridi. Vijana wanaporudi nyumbani na kusema, "Aliitikia juujuu tu," mara nyingi hiki ndicho wanachokieleza: neno lilikuwa sahihi, mwendelezo wake haukuja.

Mtu akiitika "Shikamoo" kwa "Poa", au kwa "Shikamoo" nyingine, ana maana gani?

"Poa" ni kiitikio cha "Mambo?" au "Vipi?", salamu za wanaolingana. Mwenye umri wa makamo anayeitika "Poa" anapoamkiwa kwa kawaida anakataa kuitwa mzee, na husaidia kama ataongeza maneno kidogo, kwa mfano, "Usiniamkie, sisi ni rika moja," kwa sababu bila hayo kijana hubaki akijiuliza kama amedharauliwa. Kwa upande wa pili, kijana anayeulizwa na bibi, "Hujambo, mjukuu wangu?" akaitika "Poa", amemshusha bibi hadi kuwa mwenzake wa kijiweni, na hapo wengi hawatasubiri kueleza.

Shikamoo kwa shikamoo hutokea pale watu wawili wa umri unaokaribiana kila mmoja anapomwona mwenzake kuwa mkubwa. Halina neno. Hucheka, wakaulizana, na mmoja akakubali kuwa marahaba ni yake. Tofauti na hilo ni rika wanaoamkiana kwa makusudi kumtania aliyepata cheo au aliyeota mvi. Hapo kila mtu anajua ni utani, na anayeitika "Marahaba" kwa sauti nzito ameupokea.

Nina tatizo kubwa, au nimefiwa. Mtu akiniuliza, "Habari za nyumbani?" niitikeje?

Mazoea ya Kiswahili ni kulipa deni kwanza, kisha kufungua jambo: "Nzuri, ila mtoto ana homa tangu juzi." Wageni wa lugha hushangaa nyumba yenye mgonjwa inakuwaje na habari nzuri, lakini kila neno katika sentensi ile lina kazi yake. "Nzuri" imemaliza salamu. "Ila" imetangaza kwamba linalofuata si salamu tena. Na aliyeuliza sasa anajua kwamba zamu yake inayofuata ni "Pole" na swali la kutaka kujua zaidi. Amepewa hatua moja ya kujiandaa.

Ngazi za ubaya husikika katika namna "Nzuri" inavyotoka. Tuchukue simu inayopigwa jioni, kati ya ndugu wawili:

"Habari za huko, dada?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Watoto hawajambo." Kimya kidogo. "Kuna jambo."

Aliyepiga simu alishaanza kuingiwa na wasiwasi pale kwenye "Nzuri" ya kwanza, kwa sababu ilitoka peke yake, haikufuatwa na "Za kwako?" kama dada yake alivyozoea. Alipouliza kuhusu watoto alikuwa anapunguza orodha ya mambo yanayoweza kuwa yametokea. Dada akarudia neno "watoto" badala ya kuitika tu "Hawajambo", akionyesha kwamba wao wamesalimika, lakini yuko ambaye hakusalimika. Kisha likaja neno lilelile ambalo salamu yetu hulikanusha kila siku: kuna jambo. Kufikia hapo ndugu yake ameshakaa chini, na habari ya msiba inampata akiwa ameketi.

Kuitika "Mbaya" au "Si nzuri" mara moja kunaruhusiwa, lakini ni kengele ya hatari. Kunasimamisha kila kitu, na msikilizaji hutegemea kusikia msiba, ajali au mtu aliyelazwa usiku uleule. Anayeitika hivyo kwa ajili ya mshahara uliochelewa atawashtua watu, na siku atakapokuwa na kilio cha kweli atakuwa ameshalitumia neno lake. Kinachotisha kuliko "Si nzuri" ni simu isiyo na salamu kabisa. Ndugu akianza kwa "Uko wapi sasa hivi?" bila hata "Haloo, habari", moyo unaruka kabla hajasema lingine.

Je, salamu za dini nazo hufuata utaratibu huu?

Zinaufuata kwa ukali zaidi, kwa kuwa kiitikio kinamtambulisha mtu kuwa wa nyumba hiyo. "Asalaam aleikum" huitikiwa "Waaleikum salaam", na Kurani, katika sura ya An-Nisaa, aya ya 86, inawaelekeza waumini wanapoamkiwa waitikie kwa maamkio bora zaidi au warudishe yaleyale. Ndiyo maana wengi huongeza rehema na baraka katika kuitika. Wakatoliki husalimiana "Tumsifu Yesu Kristo" na kuitika "Milele, amina", wakati "Bwana Yesu asifiwe", inayosikika zaidi kwa Walutheri na Wapentekoste, huitikiwa "Amina" peke yake. Aliyeitika "Milele, amina" mahali pa "Amina" hajamkosea mtu. Amejulisha tu alikobatizwa.

Jozi mpya pia inaweza kuundwa mbele ya macho yetu. Rais Samia Suluhu Hassan alipoanza, mwaka 2021, kuwasalimu wananchi kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kiitikio kilikuwa "Kazi iendelee". Umati haukuwa na namna ya kukibuni papo hapo. Ulielekezwa, ukarudia, ukazoea.

Kosa la sarufi katika kuitika huonekana kuwa kosa la adabu?

Kwa kawaida, hapana. Anayeitika "Habari?" kwa "Mzuri" badala ya "Nzuri" amekosea upatanisho wa ngeli, na msikilizaji husikia mahali alikokulia au lugha anayoijua zaidi. Mtoto anayeulizwa "Hujambo?" akaitika "Hujambo" husahihishwa kwa kutabasamu: "Sema, sijambo." Mtu mzima anayesema "Jambo" tupu huchukuliwa kuwa mgeni, na Mswahili anayemrudishia "Jambo" hajasahau lugha yake: ameshampima mwenzake na kuamua kumrahisishia. Ukijifunza Kiswahili ukaona watu wameacha kukuitika "Jambo" na wanakungoja umalize "Sijambo", ujue wameanza kukuhesabu kuwa msemaji.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: kosa la umbo la neno humhusu msemaji peke yake, lakini kosa la kuchagua jozi linamgusa aliyesalimiwa, kwa sababu limempa nafasi isiyo yake.

Nimeshaitika vibaya. Nifanye nini?

Rekebisha palepale, kabla mazungumzo hayajaingia katika shughuli iliyokuleta, kwa sababu nafasi ya salamu ikishafungwa, kuirudia huonekana kama kesi. Kama ulikosa wito, utamke sasa bila maelezo marefu: "Samahani, shikamoo." Kama ulikosa kiitikio, useme, "Samahani, sikukusikia vizuri. Marahaba, hujambo?" Neno sahihi likishatamkwa, mwenzako ataitika bila hata kufikiri, kwa sababu naye amefungwa na jozi ileile.

Ukishakumbuka baada ya kuondoka, usitume ujumbe wa kujieleza. Ngoja mtakapoonana tena, uwe wa kwanza kuamkia, na baada ya "Marahaba" uulize hali ya watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja.